Kupokea Super Chat Bila Kumbana Mtazamaji

Ndugu mtazamaji, leo nitakuonyesha namna ya kuwasha Super Chat, yaani ujumbe wa kulipia unaotokea kwa rangi ndani ya chati ya matangazo ya mubashara ya YouTube, na namna ya kumshukuru mtumaji bila kumfanya asiyetuma ajione mgeni.

Kwanza, fungua studio.youtube.com kwenye kompyuta, bonyeza Earn upande wa kushoto, kisha Supers, usome mkataba utakaoletwa, uukubali, ndipo uwashe Super Chat. Hata ukishaiwasha, watazamaji hawataona kitufe chake ikiwa umefunga chati, au ikiwa matangazo umeyatia alama kuwa ni ya watoto. Watu wengi hulaumu mtandao bure hapo.

Kuhusu fedha, mwenye chaneli hupata asilimia 70 ya kinachobaki baada ya kodi, hivyo kati ya shilingi 500 zilizotumwa usitarajie zaidi ya 350. Ujumbe wa kiasi kikubwa hubaki juu ya chati kwa muda mrefu zaidi, hata kufikia muda wa saa 5 nzima, na hapa ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mfumo wenyewe umekwisha kuwapanga watu kwa fedha zao kabla hujafungua kinywa.

Mimi nilikuwa nikisoma kiasi kwa sauti na kumshangilia aliyetoa kingi, mpaka mama mmoja anayenifuatilia kila juma aliponiandikia faragha kuomba radhi kwamba mwezi huo hakuwa na kitu. Niliona aibu. Tangu siku hiyo sitaji kiasi wala siweki lengo la kufikiwa, na habari za kuchangia nazitaja mara moja tu, mwanzoni, nikisema kwamba swali la bure hujibiwa vilevile.

Tuchukue mfano: unapika pilau mubashara, na mtu anauliza bure kama vitunguu vikiungua vinaweza kuokolewa. Dakika 2 baadaye mwingine analipia swali kuhusu kiasi cha maji. Usikatize kazi, subiri mpaka mchele umeingia sufuriani na mfuniko umewekwa, kisha anza na swali lililotangulia, ujibu kwamba vilivyoungua hutolewa na kukaangwa vingine, ndipo useme: "Ahsante kwa ujumbe wako, kuhusu maji, ni hivi." Shukrani iwe fupi, na iwe ileile kwa kila mtumaji, awe ametoa kidogo au kingi.

Endapo mtu mmoja anatuma mfululizo, hasa ukihisi ni kijana anayetumia kadi ya mzazi, mwambie kwa upole, bila kumtaja jina, kwamba ujumbe wa kwanza umekwisha kufika na hahitaji kutuma mwingine ili ajibiwe.