Jiwe la Desemba na mkono usiopumzika

Asanteni. Pete hii naipitisha kwenu mkono kwa mkono, na lenzi yake hii hapa. Ni tanzanaiti. Mwenyewe ni muuguzi, ameivaa miaka minne kila siku, kisha akaniletea akilalamika kwamba jiwe limechujuka. Halijachujuka. Tazameni kingo za juu zilivyolika, na ule uso wa katikati ulivyojaa michirizi. Rangi iko ndani, salama kabisa. Kilichochakaa ni uso, ndiyo maana jiwe halirudishi tena mwanga.

Mumewe alimnunulia kwa sababu amezaliwa Desemba. Kuhusisha mawe 12 na miezi 12 ni jambo la kale. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, aliyafungamanisha hivyo mawe ya kifuani mwa kuhani Haruni. Lakini orodha inayobandikwa madukani leo ilipangwa na wauza vito wa Marekani mwaka 1912. Maana zake zimetoka pande nyingi: amethisti ya Februari Wagiriki walisema humkinga mtu na ulevi, akwamarini ya Machi ni ya mabaharia, lulu ya Juni ni usafi wa moyo.

Tanzanaiti iliingizwa Desemba mwaka 2002 tu. Jiwe lenyewe lilijulikana Mererani mwaka 1967, na jina likapewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka uliofuata. Kwa hiyo akikwambia muuzaji kwamba wahenga walilivaa kwa ajili ya hekima, ujue bei ya hadithi imo ndani ya bei ya jiwe. Jiwe la Desemba lenye maana ya kale ni feruzi, lililoaminiwa kumlinda mpanda farasi asianguke.

Sasa, kwa nini pete hii imelika? Ugumu wa mawe hupimwa kwa ngazi ya Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la nyumbani lina chembe za mchanga wa kwatzi, ambayo ni 7. Ukilifuta jiwe kwa kitambaa kikavu unalipiga msasa bila kujua. Pia lina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi, kama gogo linavyofuata nyuzi zake, hivyo pigo moja kwenye kitasa cha mlango laweza kulitenganisha. Na usikubali liingizwe kwenye ile mashine ya kuoshea vito kwa mtetemo. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno yanatosha.

Yule muuguzi nilimshauri hivi. Jiwe tulikate upya juu, litapungua uzito kidogo, kisha tulifanye kidani. Shingoni halikutani na vitasa. Kwa pete ya kazini nikamwonyesha spineli ya buluu yenye ukijivu: ugumu wake ni 8, na haina ule upande wa kupasuka kirahisi. Akasema, "Lakini hiyo ni ya Agosti." Kweli, iliongezwa kwenye Agosti mwaka 2016. Mimi huona rangi ndiyo inayobeba kumbukumbu, lakini si kila mtu ataridhika.

Anayetaka kubaki ndani ya Desemba anayo zirkoni ya buluu, 7.5, na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko tanzanaiti iliyokolea. Ina kasoro yake: kingo humeguka, kwa hiyo ipachikwe ndani ya ukingo wa dhahabu unaoizunguka yote, si kwenye vijikucha vinne. Tena msiichanganye na zirkonia, ambayo hutengenezwa kiwandani. Tazameni kwa lenzi kupitia juu, mkigeuzageuza jiwe: kwenye zirkoni kingo za nyuma huonekana mbilimbili, kwenye zirkonia ni moja moja. Feruzi ni rahisi kuipata, ila ni laini kuliko zote hizi na hunywa mafuta ya mwili na manukato, iacheni masikioni.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu Mei. Zumaridi, mama, ni 7.5 hadi 8, inaonekana ngumu, lakini nyingi zina nyufa ndani zilizojazwa mafuta ili zisionekane. Ukiosha vyombo na pete yako kila siku, mafuta yanatoka na nyufa zinajitokeza. Mbadala ninaoupenda ni tsavoraiti, garneti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo, inayochimbwa Kenya na Tanzania. Haihitaji mafuta wala kuchomwa moto ili rangi ipendeze. Kubwa ni adimu na ghali sana, kwa hiyo tafuta iliyo chini ya karati moja, yaani chini ya gramu 0.2, na uivae ukijua kwamba nayo ni 7 na kidogo tu.