Asilimia 12 ya flati ni asilimia ngapi hasa?

Haya jamani, tukae tuanze, naandika namba moja tu hapa ubaoni na tutakaa nayo mpaka mwisho. Mkopo ni 1,200,000. Muda ni miezi 12, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, flati, yaani inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho. Afisa mikopo anapiga hesabu mbele yako: asilimia 12 ya 1,200,000 ni 144,000, jumla utarudisha 1,344,000, gawanya kwa 12, rejesho la mwezi ni 112,000. Hesabu iko sawa kabisa, hajakudanganya hata senti, na ndo maana watu wengi wanasaini pale pale.

Sasa angalieni ndani ya hiyo 112,000 kuna nini. 100,000 ni mtaji unaorudisha na 12,000 ni riba. Mwezi wa kwanza sawa, unadaiwa 1,200,000, riba 12,000 ni asilimia 1. Twende mwezi wa kumi na mbili, kwa mgawanyo wao wenyewe umebakiwa na deni la 100,000 tu, ila riba bado ni 12,000! Hiyo ni asilimia 12 kwa mwezi mmoja. Ni kama umekodi viti 12, kila mwezi unarudisha kimoja, lakini mwenye viti anaendelea kukutoza vyote 12 hadi siku ya mwisho.

Ukijumlisha deni la mwanzo wa kila mwezi, 1,200,000 halafu 1,100,000 hivyo hivyo mpaka 100,000, ukagawa kwa 12, unapata 650,000. Yaani kwa wastani mwaka mzima ulikuwa umeshika 650,000 ya watu na sio 1,200,000, na kwa hizo ulilipa 144,000. Gawanya mwenyewe, inakuja kama asilimia 22. Hiyo ni ya haraka haraka, ya kupiga kwa simu ukiwa kwenye foleni. APR, yaani riba ya mwaka inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, ikipigwa vizuri inatoka 21.5 hivi. Mwenye Eksel aandike hivi:

```
=RATE(12,-112000,1200000)*12
```

Kwa ulinganisho, ile ile asilimia 12 ingekuwa ya salio linalopungua, yaani kila mwezi riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu, rejesho lingekuwa kama 106,600 na riba yote isingefika 80,000. Asilimia imeandikwa ile ile, ila kwenye flati unaongeza zaidi ya 64,000.

Halafu kuna ada. Tuseme wanakata asilimia 3 ya usindikaji kabla ya kukupa hela, mkononi unapata 1,164,000 lakini rejesho linabaki 112,000. Kwenye fomula badilisha 1200000 weka 1164000, inaruka mpaka asilimia 27.4. Kwenye tangazo bado imeandikwa 12! Mimi hapa ndo huwa naona kazi ya APR, maana inavuta na makato ndani, japo inategemea sheria za nchi zinataka makato gani yahesabiwe, bima ya mkopo kwa mfano wengine wanaiacha nje, kwa hiyo uliza APR yao imebeba nini.

Swali, dada pale nyuma? Anauliza kama basi kila flati tuizidishe mara mbili. Kwa marejesho ya kila mwezi ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, kuzidisha kwa 1.8 kunakuweka karibu. Ila ukikopa ukalipa yote mara moja mwishoni mwa mwaka, flati na salio linalopungua ni kitu kimoja, maana hakuna deni lililopungua katikati. Tofauti inazaliwa na yale marejesho.

Kaka hapa mbele ana ofa mbili, flati asilimia 12 na nyingine asilimia 20 ya salio linalopungua, hakuna ada, miezi 12 zote. Najua mioyo imeshakimbilia 12. Ile ya 20 rejesho lake ni kama 111,160, riba yote karibu 134,000. Ya flati ni 144,000. Kwa hiyo 20 ndo rahisi hapo, kwa kama 10,000.

Na kama unafikiria kumaliza mapema, kaka, soma mkataba kwanza. Kwenye salio linalopungua ukilipa deni lote mwezi wa sita, riba ya miezi iliyobaki haipo, labda faini kama wameiandika. Kwenye flati wapo wanaosamehe kidogo, wapo wanaosema riba ilishahesabiwa siku ya kusaini, basi unadaiwa na zile 72,000 za miezi sita ambayo hela yao hukuwa nayo, na hapo hata ile 21.5 niliyowapa inakuwa ndogo.