Betri ya lithiamu na iodini kwenye pesimeka: kwa nini inakaa zaidi ya miaka kumi na kwa nini haichajiwi

Habari za jioni jamani, karibuni sana. Naona wengine mmekuja na wazazi wenu ambao wana betri ya moyo, yaani pesimeka, kile kifaa kinachousaidia moyo upige, shikamooni wazee wangu. Nianze na swali ninaloulizwa na karibu kila familia: simu inachajiwa, pikipiki siku hizi zinachajiwa, sasa hii ya moyo kwa nini mnamrudisha mzee chumba cha upasuaji baada ya miaka kumi wakati mngeichaji tu yakaisha?

Kuchaji kulijaribiwa, tena ndiko kulikoanza. Mwaka 1958 kule Stockholm, Uswidi, Arne Larsson aliwekewa pesimeka ya kwanza kabisa ndani ya mwili, na betri yake ilikuwa ya nikeli na kadimiamu, inachajiwa kwa koili kupitia ngozi. Ile ya kwanza ilidumu masaa tu. Mwenyewe alikuja kuishi mpaka 2001, ila njiani alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Baadaye zikaja betri za zebaki na zinki, hizi hazichajiwi, lakini zilikuwa zinatoa gesi ya hidrojeni kwa hiyo huwezi kuziziba kabisa, na usipoziba unyevu wa mwili unaingia, ikawa mtu anabadilishiwa kila baada ya miaka miwili hivi. Wilson Greatbatch, injinia Mmarekani, mmoja wa waliobuni pesimeka za kuwekwa mwilini, aliona kifaa chenyewe kizima ila betri ndiyo inakufa, akaichukua hii ya lithiamu na iodini na kuifanyia kazi mpaka ikafaa. Ya kwanza ya aina hii iliwekwa kwa mgonjwa huko Italia mwaka 1972.

Sasa tuifungue tuone ndani. Kuna kipande cha lithiamu, chuma laini na chepesi mno, na kukizunguka kuna iodini, ile ile inayotiwa kwenye chumvi ya kupikia ila hapa ni nyingi na ni kali kweli. Iodini peke yake haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo inachanganywa na plastiki moja inaitwa polivinilipiridini, inakuwa kitu cheusi kinachonata, kinapashwa moto na kumiminwa ndani ya kikopo cha chuma kisichoshika kutu. Na hapo ndipo penye utamu wa jambo lote, maana hakuna karatasi wala kizuizi chochote kinachowekwa katikati ya vitu hivi viwili, vinaachwa vigusane. Vikigusana tu vinaungana:

2Li + I₂ → 2LiI

Hiyo LiI ni chumvi, lithiamu iodaidi, na inajitandaza hapo hapo kwenye mpaka kama kidonda kinavyojifunga gaga. Tabaka hilo linaruhusu ayoni za lithiamu zipite polepole lakini elektroni haliziruhusu, elektroni inabidi zizunguke nje kupitia saketi ya pesimeka, na huo mzunguko ndio umeme tunaoutumia. Likipata ufa, lithiamu na iodini zinakutana kwenye ufa na kutengeneza chumvi nyingine, ufa unazibwa. Betri nyingine zinaweza kufa ghafla kizuizi cha katikati kikitoboka, hii inajiziba yenyewe. Halafu haina maji ya kuvuja na haitoi gesi, kwa hiyo kikopo kinachomelewa kwa leza kote kote na hakipumui tena.

Ila tabaka hilo lina gharama yake. Kila mpigo wa moyo unaosaidiwa unaongeza chumvi kidogo, tabaka linanenepa, na ukinzani wa ndani unapanda kutoka mamia ya omu mpaka maelfu mengi. Betri hii haiwezi kutoa umeme mwingi hata ukiilazimisha, inatoa maikroampia chache, yaani sehemu chache za milioni za ampia. Ungeiweka kwenye tochi isingewaka.

Bahati nzuri moyo hauhitaji zaidi ya hapo, na hesabu yake tuifanye pamoja. Tuseme mzee amewekewa mpigo wa volti 2.5 unaodumu milisekunde 0.4, na ukinzani wa waya pamoja na nyama ya moyo ni omu 500. Mkondo ni miliampia 5, lakini kwa muda mfupi mno, na betri haitoi hizo miliampia 5 moja kwa moja, inajaza kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme kwa muda, taratibu kati ya mpigo na mpigo halafu kapasita ndiyo inayofyatua. Moyo ukisaidiwa mara 60 kwa dakika, wastani kwa betri ni kama maikroampia 2. Saketi yenyewe inayosikiliza moyo usiku na mchana tuipe 10. Jumla 12. Betri yenye ampia-saa 1.2 ukiigawa kwa maikroampia 12 unapata masaa 100,000, na mwaka una masaa 8,760, kwa hiyo ni miaka 11 na ushee.

Sasa mtu akipandisha mpigo uwe volti 5 bila sababu, betri ni ya volti 2.8 kwa hiyo saketi lazima iongeze volti mara mbili, na umeme unaotoka kwenye betri kwa kila mpigo unakuwa mara nne. Zile 2 zinakuwa 8, jumla 18, na miaka inashuka mpaka saba na nusu hivi. Ndiyo maana mkienda kliniki fundi anapima moyo unaitikia kwa volti ngapi kisha anaweka kiasi kinachotosha na akiba ya usalama, msione anachezea mashine.

Turudi kwenye kuchaji. Ukinzani ule ule unaozuia umeme kutoka kwa wingi unauzuia pia kuingia. Ukiirudishia ampia-saa 1.2 kwa maikroampia 20 utahitaji masaa 60,000, karibu miaka saba. Ukisukuma kwa nguvu zaidi ni hatari, maana kuchaji ni kuivunja ile chumvi irudi kuwa lithiamu na iodini, na hiyo chumvi ndiyo kizuizi pekee kilichopo. Lithiamu hairudi ikajipanga vizuri, inaota kama sindano, sindano ikifika kwenye iodini betri imejipiga shoti.

Na kunenepa kwa tabaka kunatusaidia kujua mwisho. Volti haiporomoki siku moja. Ukinzani ukifika omu 20,000, kwa maikroampia 12 unapoteza volti 0.24, na pesimeka inaliona hilo mapema. Fundi akiweka sumaku juu ya kifaa, kinapiga kwa kasi maalumu, kwa baadhi ya vifaa ni 100 kwa dakika betri ikiwa nzima na 85 muda wa kubadilisha ukifika, na kutoka hapo huwa kuna miezi kadhaa ya kupanga upasuaji. Kifua hakipasuliwi. Wanachana ngozi chini ya mtulinga, wanatoa kikopo na kuweka kingine, na nyaya zikipimwa zikakutwa nzima zinabaki pale pale.

Vifaa vingi vipya vinatuma taarifa kwa redio na vinahitaji umeme mwingi kidogo kwa vipindi, kwa hiyo watengenezaji wengi wamehamia lithiamu na kaboni yenye florini, ambayo ukinzani wake ni mdogo zaidi. Nayo haichajiwi. Haya, nani ana swali?