Pesa Iliyomo Kashani Si Pesa ya Kukopesha

Ndugu zangu waweka hazina, makatibu, na nyinyi mama zangu mnaoshika funguo, asanteni kwa kunipa nafasi tena. Najua wengi mmeshanisikia kwenye jambo hili. Nitalisema tena, kwa sababu wiki iliyopita tu nilikaa kwenye kikoba kimoja, nikamsikia mweka hazina akiulizwa, "Leo tuna shilingi ngapi za kukopesha?" Akafungua kasha, akahesabu noti, akataja jumla yote. Nilishindwa kukaa kimya, na leo pia sitakaa kimya.

Hisa mnazijua, kufuli tatu mnazijua. Utaratibu huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991, na kasha hufungwa kwa kufuli tatu ili mtu mmoja asilifungue peke yake. Lakini kufuli humzuia mwizi tu. Kikundi kizima kikikaa pale na funguo zote tatu, kikakopesha pesa isiyopaswa kukopeshwa, hakuna kufuli itakayokizuia. Kitakachokizuia ni bajeti iliyoandikwa.

Nitawapa hesabu ya kikundi kimoja cha huku Muheza. Jina silitaji. Wanachama 25, hisa moja shilingi 2,000, kila mmoja ananunua kuanzia moja mpaka tano kwa wiki. Kwa wastani walikuwa wananunua tatu, maana yake hisa 75 kila Jumamosi, yaani shilingi 150,000. Baada ya wiki 20 walikuwa na hisa 1,500, thamani yake milioni 3. Tozo ya mikopo, asilimia 5 kwa mwezi, ilikuwa imeingia 240,000. Faini 30,000. Walikuwa wametumia 40,000 kwa madaftari, kalamu na nauli. Mikopo iliyokuwa mikononi mwa watu ni milioni 2 na laki 4. Ukitoa hiyo, mfuko wa mikopo ulibaki na 830,000 taslimu. Ndani ya kasha hilohilo, kwenye kifuko chake, kulikuwa na mabaki ya mfuko wa jamii, 150,000, ule wa shilingi 500 kila mtu kila wiki. Jumla ya noti na sarafu zote: 980,000.

Jumamosi hiyo watu saba waliomba mikopo. Msimu wa machungwa ulikuwa unaanza, kila mtu anataka kununua shambani kabla bei haijapanda. Jumla ya maombi ilikuwa 900,000. Mweka hazina akasema tuna 980,000, zinatosha na zinabaki. Wote saba wakapewa. Watu wakapiga makofi, kasha likafungwa likiwa na 80,000.

Jumatano akafiwa mwanachama mmoja, mumewe. Katiba yao inasema mwanachama akifiwa na mwenza apewe 100,000 kutoka mfuko wa jamii, siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao. Washika funguo watatu wakakutana, wakafungua. Ndani mna noti nane za elfu kumikumi. Wakazihesabu mara mbili, kana kwamba ya tisa na ya kumi zingetokea. Mweka hazina akatoka, akakopa 20,000 kwa muuza duka, akaziingiza kwenye bahasha ndipo wakaenda msibani. Mambo ya kijiji hayafichiki. Matanga yalipokwisha, yule mama alikuja kikaoni na kaniki yake, akauliza swali moja tu: "Kila wiki natoa mia tano ya jamii. Ilikuwa imekwenda wapi?"

Ilikuwa imekwenda kununua machungwa. Mfuko wa mikopo ulikuwa na 830,000, wao wakakopesha 900,000. Zile 70,000 za ziada zilitoka kwenye pesa ya misiba na ugonjwa. Hakuna aliyeiba hata senti. Kwa hiyo daftari lilikuwa linasema jamii ina 150,000 wakati kasha zima lina 80,000, na hakuna aliyejua mpaka alipokufa mtu.

Sasa tuipange kama ilivyopaswa kupangwa. Kasha lina 980,000. Kwanza toa jamii, 150,000. Hiyo haiguswi, haihesabiwi, na mimi nasema hata isikae kifuko kimoja na pesa nyingine. Zinabaki 830,000. Pili toa akiba ya dharura. Mimi hufundisha sehemu moja ya kumi ya hisa zote, kwa hiyo hapa ni 300,000. Zinabaki 530,000. Tatu toa gharama za uendeshaji zilizobaki mpaka mwisho wa mzunguko. Walikuwa wamepitisha 120,000 kwa mwaka, wameshatumia 40,000, zimebaki 80,000. Mnafika 450,000. Hiyo ndiyo pesa ya kukopesha siku ile, nusu kamili ya ile waliyoitoa.

Najua mnachotaka kusema, nakisikia kila mahali: mwalimu, pesa iliyolala haizai. Kweli haizai. Basi tupige hesabu ya hasara ya kuilaza, maana watu wanaiogopa bila kuipima. Laki tatu kwa tozo ya asilimia 5 ingeleta 15,000 kwa mwezi. Gawanya kwa hisa 1,500. Ni shilingi 10 kwa hisa. Mwanachama wa kawaida mwenye hisa 60 anakosa shilingi 600 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya akiba ya dharura. Mtu aniambie kama yupo hapa ambaye, kwa shilingi 600, yuko tayari mweka hazina wake aende kukopa dukani.

Na kwa nini moja ya kumi, kwa nini isiwe kidogo zaidi? Angalieni nani anaweza kuwashtua. Ni mtu anayehama. Mume kahamishwa kazi, mke anafuata, anataka hisa zake. Katika kikundi hiki aliyenunua hisa tano kila wiki kwa wiki 20 ana hisa 100, yaani 200,000. Akiondoka ghafla, akiba ya 300,000 inamlipa yeye na inabaki laki moja ya kungoja marejesho yaliyochelewa. Mkiwa na mtu mwenye hisa nyingi kuliko akiba yenu yote, moja ya kumi haitoshi, iongezeni. Msishike asilimia kama aya, shikeni sababu yake.

Mwingine ataniambia: lakini Jumamosi ijayo zinaingia nyingine 150,000. Zitaingia kama watu wapo na wana kitu. Mwezi wa kwanza, ada na sare za shule, wangapi wananunua hisa tano? Nimeona wiki ya Januari kikundi kizima kikinunua moja moja. Na kumbukeni msiba ulitokea Jumatano, kati ya kikao na kikao. Pesa ya Jumamosi haimsaidii mtu wa Jumatano.

Niende kwenye gharama, maana hapa ndipo ninapokasirika zaidi, na muda unakwenda. Hisa ni deni. Kikundi kinadaiwa na wanachama wake kila shilingi ya hisa. Kwa hiyo daftari, nauli ya kwenda benki, makato ya kutoa pesa kwenye simu, chai ya siku ya ukaguzi, vyote vilipwe na tozo na faini ambazo zimeshaingia mkononi. Sisemi zitakazoingia. Tozo ambayo mkopaji hajailipa bado ni ahadi, na muuza madaftari hapokei ahadi.

Kikundi hichohicho, mwezi mmoja kabla, kulikuwa na hoja ya kushona fulana kwa ajili ya sherehe. Fulana 25, moja 12,000, jumla 300,000. Mwenyekiti aliipenda, na hoja ilikuwa karibu kupita. Katibu wao, kijana mdogo, ndiye aliyeinuka na daftari. Chukueni kalamu mfuate, kwa tarakimu za ile wiki ya 20. Hisa milioni 3, tozo na faini 270,000, toa matumizi 40,000: mali ya mfuko ni 3,230,000. Gawanya kwa hisa 1,500, kila hisa ina thamani ya shilingi 2,153. Sasa toa fulana. Inabaki 2,930,000, na hisa inakuwa shilingi 1,953. Mtu alinunua kwa 2,000. Amejinyima wiki 20 halafu anapata fulana na hasara ya shilingi 47 kila hisa. Yule kijana alipiga hesabu hiihii kwa tarakimu za mwezi ule, akaisoma ya mwisho mara moja tu, watu wakanyamaza, hoja ikafa. Ndiyo maana kila bajeti ninayoikagua naomba mstari mmoja wa chini kabisa: baada ya matumizi haya, hisa ina thamani gani? Ikishuka chini ya bei mliyonunulia, hayo matumizi hayapiti, hata yakiungwa mkono na mikono yote.

Mwenyekiti ananionesha saa. Basi haraka. Mikopo yenu ni ya miezi mitatu, kwa hiyo wiki 13 kabla ya mgao wa mwisho wa mzunguko mfuko wa kukopesha unaanza kufungwa. Anayekopa baada ya hapo akope kwa muda unaoishia kabla ya siku ya mgao, la sivyo mtagawana majina ya wadaiwa. Kanuni ya mara tatu ya hisa inaonesha mkopaji mmoja anaruhusiwa kukopa kiasi gani, lakini haisemi kama pesa hiyo ipo. Watu wanavichanganya vitu hivi viwili kila siku. Habari ya usajili wenu kama vikundi vya daraja la nne, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nilitaka kuigusa lakini leo haitawezekana.

Nimeulizwa hapa na dada wa mbele: maombi yakizidi, kama yale 900,000 kwa pesa 450,000, tunafanyaje? Someni tarakimu ya pesa ya kukopesha kabla hamjapokea ombi hata moja, si baada yake. Watu wakiijua mapema wenyewe hupunguza. Anayetaka laki mbili anasema nipeni laki, nyingine kikao kijacho. Wakishindwa kupatana, kila mmoja apunguziwe kwa uwiano uleule. Hapa kila mtu angepata nusu.

Na akiba ya dharura ikiguswa, marejesho ya kwanza yatakayoingia yarudi huko kabla ya mkopo mpya wowote. Liandikeni hilo kwenye katiba.

Kile kikundi bado kipo. Sasa kila Jumamosi, kabla kufuli hazijafungwa, katibu anasoma tarakimu nne kwa sauti: jamii, dharura, gharama, ya kukopesha. Wanachama wote wanazirudia kwa pamoja, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kumchagua mtu yeyote azitaje kwa kichwa kabla kasha halijafunguliwa. Nilipokwenda mara ya mwisho aliyechaguliwa alikuwa yule mama aliyefiwa. Alizitaja zote nne, akaanza na jamii, kisha akawaambia wahesabu: haya, fungueni tuone.