Pesa Iliyomo Ndani ya Bima ya Maisha ni ya Nani?

Zuhura: Kaka Bakari, leo tuanze na hesabu. Mtu ana miaka 30, havuti sigara, anataka familia yake ilipwe 100,000 akifa. Bima ya muda wa miaka 20 inamtaka alipe 150 kwa mwaka. Bima ya maisha yote, kwa fidia ile ile, inamtaka 1,000. Mbona pengo ni kubwa hivyo?

Bakari: Hizo ni tarakimu za mfano, ila haziko mbali na hali halisi. Bima ya muda inauza kitu kimoja tu: ukifa ndani ya miaka hiyo 20, wanalipa. Wengi wanavuka miaka 50 wakiwa hai, na kampuni haiwalipi kitu. Ile ya maisha yote, mradi huachi kulipa ada, iko siku lazima ilipwe. Kifo hakikwepeki, dada.

Zuhura: Sawa, nimeelewa ughali wake. Sijaelewa hiyo thamani ya fedha ambayo wakala anaisifia kama akaunti ya akiba.

Bakari: Hapo ndipo penye utamu. Hatari ya kufa hupanda mwaka hadi mwaka. Ada nayo ingefuata hatari hiyo, kijana angelipa kidogo sana na mzee wa miaka 80 asingeimudu kabisa. Katika miaka ya 1750 mwanahisabati Mwingereza, James Dodson, alipiga hesabu ya ada isiyobadilika: unatozwa zaidi ujanani ili uzeeni isikushinde. Ile ziada ya ujanani kampuni inaiweka na kuiwekeza. Thamani ya fedha ni fungu lako katika akiba hiyo.

Zuhura: Na ukikatisha mkataba unarudishiwa?

Bakari: Siku hizi ndiyo. Mwaka 1844 Mmarekani mmoja, Elizur Wright, alikwenda London akakuta wazee walioshindwa kulipa ada wakinadi bima zao mnadani. Mnunuzi anaendelea kulipa, kisha anangoja mzee afe avune yeye.

Zuhura: Makubwa!

Bakari: Aliporudi kwao akapigania sheria, na mwaka 1861 jimbo la Massachusetts likaamua kwamba anayeshindwa kulipa aendelee kukingwa kwa muda kutokana na akiba yake.

Zuhura: Haya, turudi kwa mtu wetu. Amelipa miaka mitatu, 3,000 zimeshatoka. Akikatisha sasa?

Bakari: Anaweza kuondoka mikono mitupu, au na vijisenti. Ada ya mwaka wa kwanza sehemu kubwa inamezwa na kamisheni ya wakala na gharama za kufungua mkataba. Mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi kabla thamani ya fedha haijafikia jumla ya ulicholipa. Kinga ile ile angeipata kwa 450 tu kwenye bima ya muda.

Zuhura: Tuseme amevumilia. Mwaka wa 20 thamani imefika 25,000, naye akafariki. Familia inapata 125,000?

Bakari: Hapana. Kwa mkataba wa kawaida inapata 100,000, labda na bonasi kama mkataba ni wa kugawana faida. Kati ya hizo, 25,000 ni akiba yake mwenyewe. Kampuni ilikuwa imebeba hatari ya 75,000 tu.

Zuhura: Wengi hawaambiwi hilo. Na ule mkopo wa kujikopesha kwenye bima yako?

Bakari: Unakopa kwa kampuni, akiba yako ikiwa dhamana. Amechukua 20,000 kwa riba ya asilimia 6, hakurudisha kitu kwa miaka miwili: deni limekuwa 22,472. Akifa, linakatwa kwanza, familia inabaki na 77,528. Deni likiipita thamani ya fedha, mkataba wenyewe unakufa.

Zuhura: Kwa hiyo wewe ni mtu wa bima ya muda.

Bakari: Kwa mzazi wa watoto wadogo mwenye deni la nyumba, bila kusita. Sharti ile 850 inayobaki kila mwaka aiwekeze kweli, maana wengi huila. Mwenye mtoto atakayemtegemea maisha yake yote, huyo namwelewa akichukua ya maisha yote.

Zuhura: Lakini ya muda ikiisha akiwa na miaka 50, tena mgonjwa?

Bakari: Hapo ada mpya inaruka, au anakataliwa kabisa. Ndiyo maana tangu mwanzo utafute kifungu cha kubadilisha: kinakuruhusu kuhamia bima ya maisha yote bila kupimwa afya upya. Angalia mwisho wake, maana kwa kawaida kina ukomo wa umri au miaka.

Zuhura: Na anayekaribia kutia saini ya maisha yote?

Bakari: Adai jedwali la thamani ya kukatisha mkataba, mwaka kwa mwaka. Mara nyingi lina safu mbili, ya makadirio na ya iliyohakikishwa. Wakala atakuonyesha ya makadirio, ndiyo yenye tarakimu nono. Wewe weka kidole kwenye iliyohakikishwa, mwaka wa 5 na wa 10, ulinganishe na jumla ya ada utakazokuwa umelipa hadi hapo.