Unapoombwa kuanza bajeti na sifuri

Ndugu wakuu wa idara, karibuni. Nimeambiwa barua ya mwaka huu imewatia wengi wenu joto, kwa sababu inasema maombi ya bajeti yajengwe kutoka sifuri. Mpaka mwaka jana kazi ilikuwa nyepesi: unachukua kasma za mwaka uliopita, unaongeza asilimia kumi, unapeleka. Swali lilikuwa moja tu, kwa nini umeongeza. Safari hii hata ile shilingi ya kwanza inaulizwa inakwenda kufanya nini.

Njia hii si ngeni. Peter Pyhrr aliijenga katika kampuni ya Texas Instruments mwishoni mwa miaka ya 1960. Jimmy Carter akaichukua alipokuwa gavana wa Georgia, na alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1977 akaifikisha serikali kuu. Rais aliyemfuata, Reagan, aliiondoa mwaka 1981. Makaratasi yalikuwa yamezidi. Hilo la makaratasi tutalirudia.

Sasa tuchukue mfano wa darasani: idara ya usafiri ya hospitali. Kosa la kwanza ni kuanza na kasma: mafuta kiasi hiki, matairi kiasi hiki, posho kiasi hiki. Mafuta si kazi. Anza na kazi ambayo gari linafanya, na kila kazi uifanye fungu lake linaloweza kukubaliwa au kukataliwa peke yake. Leo tuchukue fungu moja, kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watoto vijijini kwa chanjo.

Gari linakwenda vijiji vinane kila mwezi, kijiji kimoja kwa siku. Vitano viko mbali, kilomita 120 kwenda na kurudi. Vitatu viko karibu, kilomita 40. Jumla ni kilomita 720 kwa mwezi, 8,640 kwa mwaka. Gari linakwenda kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo ni lita 1,440. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, mafuta ni 4,320,000. Siku za safari ni 96. Watu wanne, posho 15,000 kila mmoja, ni 5,760,000. Matengenezo mara mbili kwa mwaka ni 1,200,000. Jumla 11,280,000.

Wengi huishia hapo na kudhani wamemaliza. Hapo una hesabu nzuri ya mambo yale yale ya zamani. Utetezi wenyewe unaanza unapotafuta kiwango cha chini kabisa, yaani kile ambacho ukishuka chini yake kazi haina maana tena.

Mtu atasema twende kila baada ya miezi miwili, tuokoe nusu. Lakini chanjo ya pentavalenti mtoto anaipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ukipita kila miezi miwili, ratiba hiyo umeivunja. Kwa hiyo hatupunguzi mara za kwenda, tunaangalia vijiji. Tuseme vile vitatu vya karibu vina zahanati ambayo mama anaifikia kwa miguu. Basi kiwango cha chini ni vijiji vitano vya mbali: mafuta 3,600,000, posho 3,600,000, matengenezo yale yale 1,200,000. Jumla 8,400,000.

Vijiji vitatu vya karibu vinakuwa nyongeza ya 2,880,000. Itazameni hiyo nyongeza: mafuta ni 720,000 tu, posho ni 2,160,000. Na hapo hapo jambo jingine linajitokeza. Vijiji viko karibu, kwa nini kila kimoja kina siku yake? Ukipita viwili kwa siku moja, siku 36 zinakuwa 24, na posho inapungua kwa 720,000. Kwenye bajeti ya asilimia kumi usingeliona hili, maana posho zote zilikuwa zimelala kwenye kasma moja. (Naona dereva mmoja hapo nyuma hajafurahi.)

Kisha unapanga mafungu kwa uzito: gari la wagonjwa, vijiji vitano, vijiji vitatu, basi la wafanyakazi. Fedha zikiishia katikati, kila mtu anaona kinachoachwa. Hapa ndipo ujanja unapoingia: mkuu wa idara anaweka gari la wagonjwa mwisho, akijua hakuna atakayethubutu kulikata. Kamati yoyote ya bajeti iliyokaa misimu miwili inaujua mchezo huo, na ikishaugundua haiamini tena mpangilio wako wote.

Na yale makaratasi? Mishahara ya watumishi wa kudumu na mikataba iliyosainiwa usiivunjevunje, iandike kama ilivyo. Nguvu zako peleka kwenye kazi unayoweza kuibadilisha mwaka huu. Mafungu matano au sita yanatosha idara ya kawaida.

Mwisho, njoo na daftari la safari za gari. Mjumbe wa kamati atauliza hizo kilomita 120 zimetoka wapi. Kama ulizikisia, atazikata yeye kwa kisio lake, na mbele yake hutakuwa na la kumwonyesha.