Januari ya Mwaka Jana Si Januari ya Mwaka Huu

Habari za asubuhi. Tuzungumzie viatu vya shule hapa Kenya. Mwenye duka akilipia tangazo la redio mwanzoni mwa Januari, atajuaje kama limemletea wateja au wangekuja tu kwa sababu shule zinafunguliwa?

Wengi hulinganisha Januari na Januari. Tazameni kalenda yetu. Baada ya Korona, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26, wa 2022 ukaanza Aprili 25, wa 2023 Januari 23, na wa 2024 Januari 8. Aliyetangaza wiki ya kwanza ya Januari 2024 akaitazama wiki hiyohiyo ya 2023, aliona mauzo yameruka. Lakini mwaka ule wazazi walikuwa bado na wiki tatu mkononi! Kwa hiyo hesabu kutoka siku ya kufungua: wiki ya tatu kabla, ya pili kabla, ya mwisho kabla, na mbili baada yake, kwa sababu kuna wazazi wa dakika ya mwisho. Muuza mbegu za mahindi yeye ahesabu kutoka mvua ya kupandia, ambayo haina barua ya Wizara.

Pia hesabu jozi, usihesabu shilingi. Bei ikipanda, mapato hupanda hata kama wateja ni walewale.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Duka lina matawi mawili, Nakuru na Eldoret. Tangazo limewekwa kwenye redio inayosikika Nakuru pekee. Msimu uliopita, bila tangazo, Nakuru iliuza jozi 2,000. Msimu huu 2,600. Mwenye duka anaona jozi 600 za ziada, faida ya shilingi 300 kwa kila jozi, jumla 180,000. Tangazo lilimgharimu 90,000. Anacheka.

Mimi namuuliza, Eldoret je? Ilitoka 1,000 ikafika 1,200, bila tangazo lolote. Basi Nakuru nayo ingepanda kwa asilimia 20 hivi, ifike 2,400. Tangazo limeleta jozi 200, yaani shilingi 60,000. Amepoteza 30,000.

Na hata hizo 200 nisingeziapia. Fungua daftari la misimu ya nyuma ambayo hakuna tawi lililotangaza. Kama Nakuru na Eldoret zilikuwa zikiachana kwa asilimia kumi hivi zenyewe tu, jozi 200 juu ya 2,400 ni kama asilimia nane, na huenda tangazo halikuuza hata jozi moja.

Jambo la mwisho, msifunge hesabu mapema. Tangazo zuri huwawahisha wazazi: wiki ya tatu kabla duka linajaa, wiki ya mwisho linapwaya. Subirini wiki zote tano ziishe, mjumlishe, ndipo mlinganishe.